SOMO: Kichwa cha Habari na Maelezo ya Semina Inayorushwa Mtandaoni

Mwaka jana, mwezi wa Septemba, mama mmoja wa mtaa wa jirani alitupigia simu ofisini. Gunia lake la pili la mahindi lilikuwa limeanza kutoa unga. Alikuwa amesikia kwamba somo la kuhifadhi mahindi lilirushwa mtandaoni na bado lipo. Akamwomba mjukuu wake amtafutie kwenye simu. Walikuta video saba zenye kichwa kinachofanana: “MUBASHARA: SEMINA USHARIKANI LEO, KARIBUNI WOTE!” Walifungua mbili, wakaona viti vitupu na kusikia muziki, kifurushi kikaisha.

Somo alilolitaka lilikuwa humo. Sisi wenyewe, tuliolirusha, ilituchukua karibu saa nzima kulipata. Kwa kuwa kamati nyingi za sharika sasa zinarusha semina zao kwa YouTube, tumeona tueleze hapa jinsi tulivyolirekebisha tangazo lile moja.

Kosa letu lilikuwa kuandika kichwa kana kwamba ni bango la mlangoni. Bango huondolewa watu wakitawanyika, lakini rekodi ya YouTube hubaki na kichwa kilekile, ilimradi tangazo halikuzidi saa 12. Kesho yake “leo” si leo tena, na “karibuni” inamwita mtu kwenye ukumbi uliofungwa. Neno “mubashara” nalo halina kazi hata siku yenyewe, maana YouTube huweka alama yake ya kuonyesha kwamba tangazo liko hewani, na huiondoa likiisha.

Kichwa tulichoweka badala yake ni hiki: “Kuhifadhi mahindi yasibunguliwe: kukausha, kupima kwa chumvi na mifuko isiyopitisha hewa”. Ni herufi 88 pamoja na nafasi, na YouTube inaruhusu 100. Hata hivyo simu huonyesha sehemu ya mwanzo tu, kwa hiyo jambo lenyewe lazima litangulie. Jina la usharika na mwezi vikae chini kwenye maelezo. Tulibishana kidogo kuhusu maneno. Andiko la mradi linasema “usimamizi wa mazao baada ya mavuno”, na mmoja wetu alitaka hivyo hivyo. Lakini mtu ambaye mahindi yake yanaliwa haandiki maneno hayo kwenye simu. Huandika mahindi, dumuzi, kubunguliwa. Lugha ya andiko la mradi tuiache kwenye taarifa.

Kubadili kichwa hakubadili anwani ya video. Kiungo kilichokwisha kutumwa kwenye kundi la WhatsApp au kwa wahisani kinaendelea kufunguka. Tunalisema hili kwa sababu kijana wetu mmoja, kwa nia njema, aliwahi kupakua rekodi ya semina nyingine, akakata mwanzo wake, akaipandisha upya na kufuta ya zamani. Viungo vyote tulivyokuwa tumegawa vikafa siku hiyo, pamoja na kile kilichokuwa ndani ya taarifa ya robo mwaka. Kama mnataka kukata mwanzo, tumieni kikatio cha YouTube chenyewe, ambacho hakigusi anwani.

Sasa maelezo. Nafasi ipo ya kutosha, herufi 5,000, lakini msomaji huona mistari michache ya juu tu mpaka agonge kufungua zaidi. Awali mistari yetu ya juu ilikuwa salamu, ratiba na orodha ya wageni waalikwa. Sasa inasema hivi: “Jinsi ya kukausha mahindi, kujua kama yamekauka, na kuyafunga kwenye mifuko isiyopitisha hewa ili dumuzi na fukusi wasiyaharibu. Somo lilitolewa na afisa ugani wa kata, Juni 2024.” Mwaka ni lazima uandikwe. Na saa, kwa tangazo ambalo bado halijarushwa, iandikwe kwa namna mbili: saa 8:00 mchana (14:00). Mhisani mmoja wa ng’ambo alisoma “saa 8:00” akatusubiri tangu asubuhi.

Chini ya hapo tuliweka nyakati:

```
0:00 Kusubiri na matangazo
18:40 Kwa nini mahindi hubunguliwa
27:15 Kukausha na kupima kwa chumvi
41:05 Kujaza na kufunga mfuko
58:30 Maswali: mfuko ukitoboka, bei
```

Mtu akigonga 41:05 anapelekwa moja kwa moja kwenye kufunga mfuko, bila kulipia dakika 41 za kwanza. Ili YouTube iigawe video kwa sehemu hizo, mstari wa kwanza lazima uwe 0:00, ziwepo nyakati zisizopungua tatu, zifuatane kwa mpangilio, na kila sehemu iwe na sekunde 10 au zaidi. Sehemu zisipojitokeza, mara nyingi aliyeandika ameanzia pale mzungumzaji alipoanza na kuacha ile 0:00. Kama mtakata mwanzo wa video, kateni kwanza ndipo muandike nyakati, maana zilizokwisha kuandikwa hazisogei zenyewe. Kazi hii hutuchukua kama nusu saa, na ni rahisi zaidi iwapo katibu wa semina aliandika dakika kwenye daftari wakati wa kikao.

Lakini kilichotushitua ni kitu kingine. Tulipokuwa tukiandika nyakati, tulisikiliza upya ile sehemu ya chumvi. Mahindi kidogo na chumvi kavu hutiwa kwenye chupa kavu yenye kifuniko, hutikiswa, huachwa robo saa. Chumvi ikigandamana na chupa, mahindi bado ni mabichi. Hayo ni kweli. Ila mzungumzaji aliendelea kusema kwamba chumvi isipogandamana, mahindi yako tayari kufungwa. Hapo aliteleza. Kipimo cha chumvi huonyesha tu kwamba unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 hivi, na kwa kuhifadhi katika mfuko usiopitisha hewa hutakiwa asilimia 13 au chini yake. Aliyefunga katikati ya namba hizo mbili anaweza kukuta kuvu, na kuvu ndiyo mama wa sumukuvu. Yale maneno hatuwezi kuyatoa kinywani mwa mzungumzaji, na video ilikuwa tayari imeonwa. Tulimwonyesha, akakubali, tukaandika juu kabisa ya maelezo, kabla ya jambo lingine lolote: “SAHIHISHO: Baada ya chumvi kutogandamana, endelea kuanika siku kadhaa, au pima kwa kipimo cha unyevu kabla ya kufunga.” Onyo hilohilo tuliliweka pia kama maoni ya kwanza chini ya video, kwa sababu wengine hawafungui maelezo kabisa.

Bei ya mfuko iliyotajwa kwenye maswali tuliiandikia “bei ya Juni 2024”. Namba ya simu binafsi ya mzungumzaji tuliiondoa. Alikuwa amehamishwa kata, na bado alikuwa akipigiwa usiku. Badala yake ipo namba ya ofisi.

Kwa sharika zinazotumia Facebook, matangazo ya moja kwa moja yaliyorushwa huko tangu Februari 19, 2025 hukaa siku 30 tu kisha hufutwa. Yapakueni kabla ya hapo na kuyapandisha kama video ya kawaida, na hakikisheni mmenakili maelezo pembeni, kwa kuwa faili mnayopakua ni picha na sauti peke yake.