Salio Moja, Mifuko Miwili

Wenzangu wenye viduka, tuanze na swali. Simu inakuonyesha salio la 265,000. Humo ndani, la duka ni shilingi ngapi na lako la kula ni shilingi ngapi? Wengi wetu tuna laini moja tu. Boom likitoka benki linaingia humohumo, mama akituma hela inaingia humohumo, na mteja wa chaja naye analipa humohumo. Simu haijui tofauti. Kwa hiyo duka linaweza kuonekana linatembea, kumbe boom ndilo linalolibeba.

Mimi nauza chaja, earphone na makava ya simu kwenye meza pale Mirongo. Sikufungua laini ya pili. Ninatumia daftari lenye safu mbili, D ya duka na B ya binafsi. Kila meseji ya muamala ninaiandika jioni upande wake. Makato yanamfuata aliyeyasababisha: nikimtumia muuza mzigo, makato ni ya D, nikitoa hela ya chakula, ni ya B. Mauzo ya taslimu naweka kwa wakala na kuyaandika D.

Kuna muamala mmoja ambao hautaleta meseji kamwe, nao ndio unaovuruga hesabu za wengi. Ni pale unapojilipa. Pesa ikitoka mfuko wa duka kwenda mfuko wako ndani ya laini ileile, salio halibadiliki hata senti. Lazima uandike mwenyewe: D toa, B ongeza. Vivyo hivyo ukichota buku mbili ya nauli kwenye kopo la mauzo kabla hujafika kwa wakala. Andika kwanza mauzo 2,000 kwenye D, uihamishie B, halafu uitoe B kama nauli. Usipofanya hivyo, mauzo yataonekana madogo kuliko yalivyo.

Tuchukue mwezi mmoja wa mfano. Tarehe 1 salio lilikuwa 180,000: D 120,000 na B 60,000.

Upande wa D, mauzo yaliingia 340,000. Zikatoka 230,000 za mzigo, 30,000 za kodi ya meza, 6,000 za makato, na 40,000 nilizojilipa. D ikabaki 154,000.

Upande wa B, boom 150,000, mama 30,000, na ile 40,000 kutoka dukani. Chakula, nauli na fotokopi vikala 165,000, makato 4,000. B ikabaki 111,000.

Jumlisha D na B: 265,000. Fungua meseji ya mwisho. Salio nalo liwe 265,000. Zikilingana, daftari limekamilika. Zisipolingana, tafuta kwanza makato uliyoyasahau, kisha meseji iliyofutwa, kisha deni. Huduma kama Songesha ya M-Pesa hukuongezea salio linapopungua, halafu hujilipa kutoka kwenye pesa inayofuata kuingia. Mteja katuma 10,000, lakini salio halikupanda kwa 10,000. Deni hilo liandike upande ulioomba mkopo, hata kama pesa iliyokatwa ni ya mauzo.

Sasa faida. Salio limepanda kwa 85,000, ila hiyo si faida ya duka. D imepanda 34,000, na nilishachukua 40,000, jumla 74,000. Bado haijatosha, maana lazima nihesabu mzigo uliopo mezani kwa bei ya kununulia. Tarehe 1 ulikuwa wa 200,000, mwisho wa mwezi 180,000. Umepungua 20,000, kwa hiyo faida ni 54,000. Nimejilipa 40,000, zimebaki 14,000 za kukuza mtaji. Bila kuhesabu mzigo ningejilipa 74,000 nikidhani ni faida, kumbe 20,000 kati yake ni mtaji.

Kitu cha kuangalia kila jioni ni B. Simu inaweza kuonyesha 70,000 wakati daftari linasema D 85,000 na B imeshuka chini ya sifuri kwa 15,000. Hapo unakula mtaji, na hakuna meseji itakayokuambia. Una njia mbili tu: kujilipa rasmi kama duka limepata faida ya kutosha, au kuacha B ikidaiwa mpaka boom liingie na kuifuta hiyo 15,000 lenyewe, bila kuandika uhamisho wowote kwenda D.

Njia hii ina mpaka wake. Haiuzuii mkono, pesa ya mzigo bado iko kwenye PIN ileile ya hela ya chipsi. Miamala ikiwa mingi mpaka jioni huwezi kuimaliza kuandika, ndipo laini ya pili ya duka inapohitajika. Kabla ya hapo, daftari la safu mbili linatosha, mradi mwisho wa mwezi D na B zikijumlishwa zilingane na salio.