Kuandika utafiti wa Tororo kwa maneno yako bila kuuharibu

Mwanafunzi wa uuguzi wa Busia ya Kenya na mwenzake wa Busia ya Uganda huenda wasikutane darasani, lakini mada ya malaria katika ujauzito ikija, makala moja huwakuta wote wawili. Ni ile ya Abel Kakuru na wenzake, iliyochapishwa mwaka 2016 katika Jarida la Tiba la New England, kuhusu jaribio lililofanyika Tororo. Nimesoma rasimu nyingi zinazoitumia, na makosa yanayojirudia ni mawili. Kuna anayenakili sentensi na kubadilisha neno hapa na pale, jambo ambalo ni wizi wa kitaaluma hata jina la mwandishi likitajwa. Kuna pia anayeogopa wizi huo kiasi kwamba anabadilisha kila neno, pamoja na yale yasiyobadilika, na mwishowe anamsingizia Kakuru jambo ambalo hakulisema.

Tuanze na jaribio lenyewe. Wajawazito 300 wasio na VVU waligawanywa katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilipewa salfadoksini-pirimethamini, yaani SP, kila baada ya wiki nane. La pili lilipewa dihidroartemisinini-piperakuini, tuiite DP, kwa dozi tatu katika ujauzito wote. La tatu lilipewa DP kila mwezi. Watafiti walipima mambo kadhaa, na mawili kati yake ndiyo yanayochanganywa. Jambo la kwanza ni malaria yenye dalili wakati wa ujauzito: mama ana homa na vimelea vinaonekana kwenye damu yake. Jambo la pili ni malaria ya kondo la nyuma, iliyothibitishwa kwa kuchunguza tishu za kondo hilo kwa hadubini baada ya kujifungua. Katika kundi la SP kulikuwa na visa 41 vya malaria yenye dalili, katika kundi la DP ya dozi tatu visa 12, na katika kundi la DP ya kila mwezi hakukuwa na kisa hata kimoja. Malaria ya kondo la nyuma ilikutwa kwa asilimia 50.0, 34.1 na 27.1, kwa mpangilio huohuo.

Sasa soma sentensi hii, niliyoitunga kwa kufuata zile ninazokutana nazo: “Kakuru na wenzake walibaini kuwa DP ya kila mwezi ilimaliza kabisa malaria kwa wajawazito wa Uganda, huku nusu ya waliotumia SP wakiugua.” Hakuna programu ya kukagua mfanano itakayoikamata, na jina la mwenye kazi limetajwa. Hata hivyo ni ya uongo mara tatu. Sifuri ya malaria yenye dalili imegeuzwa kuwa sifuri ya malaria yote, wakati zaidi ya robo ya kundi hilo walikuwa na alama za malaria kwenye kondo la nyuma. Nusu ya kundi la SP walikutwa na alama hizo kwenye kondo, na hilo halina maana kwamba waliugua. Vimelea hujibanza kwenye kondo la nyuma bila mama kupata homa, na rangi vinayoiacha hubaki kwenye tishu hata baada ya vimelea kuondoka. Mwisho, wanawake wa eneo la Tororo wamegeuzwa kuwa wajawazito wa nchi nzima, na sharti la kutokuwa na VVU limepotea. Sharti hilo lina uzito, kwa sababu mjamzito mwenye VVU anayetumia kotrimoksazoli hapewi SP.

Ninachowashauri wanafunzi ni hiki. Kabla ya kuandika, soma sehemu ya matokeo pamoja na majedwali yake, si muhtasari peke yake. Chukua karatasi uandike maneno yasiyoguswa: majina ya dawa, ratiba ya dozi, walioshiriki ni akina nani, kilichopimwa na namna kilivyopimwa, pamoja na namba. Hayo si mali ya mwandishi yeyote. Malaria ya kondo la nyuma huitwa hivyo na kila mtu, na kurudia jina hilo si wizi. Mali ya mwandishi ni namna alivyopanga hoja, alivyounganisha sentensi na alivyotafsiri matokeo yake. Humo ndimo unamopaswa kuweka kazi yako mwenyewe.

Kisha funika makala. Jiulize swali linalohitajika na insha yako, wala si lile lililoulizwa na Kakuru. Tuseme unaandika kuhusu kwa nini kliniki isitegemee homa pekee kumjua mjamzito mwenye malaria. Ukijibu swali hilo kwa karatasi yako ya maneno na namba, mpangilio utakuwa wako wenyewe:

“Kukosa homa si ushahidi kwamba mjamzito hakuambukizwa. Katika jaribio la Tororo, lililohusisha wajawazito 300 wasio na VVU, waliopewa DP kila mwezi hawakupata kisa chochote cha malaria yenye dalili. Hata hivyo, uchunguzi wa tishu baada ya kujifungua ulionyesha malaria ya kondo la nyuma kwa asilimia 27.1 yao, ikilinganishwa na asilimia 50.0 katika kundi la SP (Kakuru na wenzake, 2016).”

Majina yote ya kitabibu yamebaki, lakini sentensi hizo hazifuati kiunzi cha makala. Hoja iliyotangulia ni ya mwanafunzi, na jaribio limekuja kuitetea.

Ukimaliza, funua makala na ulinganishe. Kwanza tafuta mfuatano wa maneno uliofanana na chanzo. Ukiukuta, na si jina la kitaalamu, usibadilishe neno mojamoja. Futa sentensi uanze upya. Halafu pitia kila namba na uulize: ni asilimia ya nani, na ya nini? Tazama pia kama neno moja limebaki lilelile mwanzo hadi mwisho. Shuleni tulifundishwa kwamba kurudia neno kunachosha, lakini anayeandika “maambukizi” mstari wa kwanza, “homa” wa pili na “ugonjwa” wa tatu, akikusudia kitu kimoja, amempa msomaji vitu vitatu. Dozi ni mtego wa aina hiyohiyo: dozi moja ya DP ni vidonge vinavyomezwa kwa siku tatu mfululizo, kwa hiyo “dozi tatu” haiwezi kuandikwa “vidonge vitatu”.

Yapo maandishi ambayo sishauri kuyaeleza upya hata kidogo. Kipimo cha dawa kutoka mwongozo wa wizara, au fasili rasmi ya kisa cha ugonjwa, kinukuu neno kwa neno ndani ya alama za kunukuu na utaje mwongozo na mwaka wake, kwa kuwa hapo neno moja likihama mgonjwa anaweza kudhurika.

Na usiishie Tororo. Mwaka 2019, Richard Kajubi na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet jaribio la wajawazito 782 wa wilaya ya Busia, Uganda, likilinganisha SP ya kila mwezi na DP ya kila mwezi. DP ilipunguza malaria wakati wa ujauzito, lakini matokeo mabaya ya uzazi hayakuonyesha tofauti yenye maana kitakwimu kati ya makundi hayo mawili. Sentensi hiyo iandike hivyohivyo kimaana. Ukiandika kwamba “dawa hizo zinalingana”, umesema jambo ambalo jaribio la Busia halikulithibitisha.