Bei ya mwanafunzi ina tarehe yake

Mdogo wangu wa Morogoro, ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Mwaka mzima umekuwa ukikatwa shilingi 5,000 kila mwezi kwa kifurushi cha muziki cha mwanafunzi. Machi 14 asubuhi ukaamka na meseji ya benki: umekatwa 10,000. Uko mwaka wa pili, chuo hujaacha, bumu halijaingia, na unaniuliza kama umeibiwa.

Hujaibiwa, mdogo wangu. Ulijiunga Machi 14 mwaka jana, na kilichoisha siku hiyo ni ule uthibitisho kwamba wewe ni mwanafunzi. Spotify na YouTube, kwa mfano, wanataka uthibitishe upya kila baada ya miezi 12. Usipofanya hivyo, kifurushi hakifi. Kinaendelea kwa bei ya kawaida, kwa kadi ileile uliyoiweka. Na tarehe hiyo haifuati mwaka wa masomo. Inahesabiwa tangu siku uliyojiunga, ndiyo maana huwakuta wengi wakiwa likizo, kitambulisho kimebaki bwenini.

Umeniambia hukupata taarifa yoyote. Hebu fungua ile barua pepe uliyotumia kujiunga. Ukiniambia ni ile ya kidato cha nne ambayo nenosiri lake umelisahau, basi taarifa huenda zimerundikana humo. Ingia kwenye akaunti yako na uweke anwani unayoifungua kila siku.

Halafu thibitisha leo hiihii. Anayehakiki mara nyingi si kampuni ya muziki yenyewe bali kampuni nyingine iliyopewa kazi hiyo, na SheerID ni mojawapo. Utaandika jina, chuo na tarehe ya kuzaliwa. Chuo chako kisipopatikana kwenye kumbukumbu zao, utaambiwa upakie karatasi. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Karatasi inapaswa kuonyesha vitu vitatu kwa pamoja: jina lako, jina la chuo, na tarehe inayoonyesha unasoma sasa hivi. Kitambulisho kisicho na tarehe kinaweza kukataliwa, hata kama picha ni yako na muhuri unang'aa. Risiti ya ada ya muhula huu au fomu ya usajili wa masomo ina nguvu zaidi. Piga picha karatasi nzima, pembe zote nne zionekane. Na jina uliandike kama lilivyo chuoni. Ukiandika mawili huku chuo kina matatu, au ukaweka lile la utani, usishangae kukataliwa.

Ukikubaliwa, bei hushuka kwenye malipo yanayofuata. Ile 5,000 ya ziada iliyokwisha kwenda, waandikie huduma kwa wateja uombe irudishwe, lakini usiipangie matumizi, maana hawalazimiki kuirudisha. Na tafadhali usifute programu kwenye simu ukidhani umejitoa. Makato yataendelea mpaka usitishe kifurushi ndani ya akaunti. Kama ulilipia kupitia duka la Google au Apple, unasitishia hukohuko dukani.

Wadogo zangu mnaosoma udaktari, hili ni lenu hasa. Punguzo hilo la Spotify na YouTube lina kikomo cha miaka minne kwa jumla, nanyi mnasoma mitano. Mwaka wa tano mtalipa bei kamili hata kama kitambulisho ni kipya. Aliyeanza kulitumia akiwa stashahada naye ataishiwa kabla ya kumaliza shahada.

Najua wengine mtasema, basi tuingie kifurushi cha familia. Hicho kina sheria yake: wote muwe mnaishi nyumba moja. Kaka yako aliyeko Maskati akikualika wewe uliyeko Morogoro, siku anwani zikikaguliwa utaondolewa. Tofauti ni kwamba hapo hukatwi zaidi. Unaamka tu uko kwenye huduma ya bure yenye matangazo. Na wale wanaowasha VPN wanunue kwa bei ya nchi ya mbali, mwaka 2024 YouTube ilisitisha vifurushi vya watu waliojiunga kwa njia hiyo. Mimi sikushauri. Bei ya nchi ni ya mtu anayeishi nchi hiyo.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kabla hujalala chukua simu, fungua kalenda, nenda hadi Februari 28 mwakani uandike: "Thibitisha uanafunzi." Utabaki na wiki mbili za kutafuta karatasi nyingine kama ya kwanza itakataliwa. Risiti ya ada ipige picha siku unapolipa, uihifadhi. Ukikataliwa tena, niandikie unieleze karatasi uliyopakia ilikuwa na tarehe gani.