Kuomba avansi ya mshahara kwenye koperative: barua ambayo jeran anaweza kuitikia

Safari hii hatuzungumzi juu ya magonjwa ya kahawa. Hapa Boga tunaona koperative zinapoteza watumishi wazuri kwa sababu ya avansi iliyoombwa vibaya, na mara nyingi kosa si la jeran.

Tuchukue mfano. Magazinie wa depo analipwa dola 120 kwa mwezi. Masomo yanaanza mwanzo wa mwezi wa 9. Tangu 2019 shule ya msingi ya serikali haina malipo, lakini mkubwa wake yuko sekondari. Anamkuta jeran kwenye mizani, wakulima wamepanga mustari na magunia yao, anamwambia: "Ndugu yangu, unisaidie na feza, niko na shida, nitarudisha." Jeran anajibu: "Kesi haina kitu." Wakulima wanacheka. Jioni hawa wawili hawasalimiani tena.

Tuangalie yule jeran alisikia nini. Hakusikia hesabu. Hakusikia siku ya kurudisha. Neno "ndugu" lilimfunga: akikubali, watasema anapendelea jamaa, akikataa, amemkataa ndugu. Tena pesa iliyo kwenye kesi wakati wa kununua kahawa ni ya kulipa magunia ya wanamemba. Akiitoa kwa kitu kingine, ni yeye atakayejibu mbele ya komite. Kwa hiyo magazinie aombe mapema, mbele ununuzi haujapamba moto, tena kwenye biro, wakiwa wawili tu. Wasalimiane kwanza, halafu amwachie karatasi.

Karatasi yenyewe iwe fupi hivi:

"Boga, tarehe 18 mwezi wa 8.
Kwa Bwana Jeran wa koperative yetu.
Bwana Jeran, nakusalimia kwa heshima. Mimi magazinie wa depo naomba avansi ya dola 72 juu ya mshahara wangu: dola 50 ni za shule ya mtoto wangu wa sekondari, dola 22 ni za iniforme na madaftari. Naziomba mbele ya tarehe 31 mwezi huu. Naomba ukate dola 24 mwisho wa mwezi wa 9, wa 10 na wa 11, ili mwezi wa 12 nisiwe na deni. Kama kazi yangu inaisha mbele ya hapo, baki ikatwe kwenye malipo yangu ya mwisho. Ikiwa kesi haiwezi dola 72 sasa, hata dola 50 za shule zitanisaidia. Niko tayari kuja kwenye biro siku utakayopanga. Asante."

Hapo jeran hana kazi ya kufikiri sana. Kila mwezi mtumishi atabaki na dola 96, anaweza kula na kufanya kazi. Sisi tunashauri makato yasipite sehemu moja ya tano ya mshahara, na 24 kwa 120 ndiyo hiyo moja ya tano. Mtu anayeahidi kukatwa nusu anapendeza siku ya kuomba, lakini mwezi unaofuata anarudi na avansi nyingine, na hapo ndipo jeran anachoka naye. Ile sentensi ya dola 50 nayo ina maana yake: jeran akishindwa yote, anaweza kutoa kidogo bila kusema "hapana" kavu.

Angalieni pia aina ya pesa. Mshahara ukiwa wa dola na avansi ikatolewa kwa franga, kiwango cha kubadilisha kinaweza kusogea mbele ya mwezi wa 11, na ugomvi utaanza. Kama ni lazima kupokea franga, muandike kwenye bon ni franga ngapi, kwa kiwango gani siku ile, na deni ni dola ngapi.

Bon isainiwe na wote wawili, nakala moja ibaki kwa mtumishi. Kila kato liandikwe kwenye kitabu cha kesi na kwenye karatasi ya malipo, kwa sababu mtu ambaye hana alama hawezi kuonyesha kama alishamaliza. Sheria ya kazi ya tarehe 16 oktoba 2002 haimwachii mwajiri kukata mshahara ovyo. Avansi ni kati ya makato inayoyaruhusu, lakini lazima ijulikane ilitolewa ngapi.

Kuna watunza depo wanaochukua pesa ya mauzo kwanza na kuandika barua kesho yake. Hiyo si avansi tena. Hata barua ikiwa nzuri namna gani, komite itaisoma kama maungamo, na jeran hawezi kuisaini bila kujitia ndani yeye mwenyewe.

Na wewe uliye jeran: jibu kwa maandishi ndani ya siku chache, hata kama ni "dola 50 tu, nyingine hapana". Mtumishi anayengoja bila jibu ataenda kukopa kwa mtu wa riba, na mwezi wa 10 utamkuta kwenye mizani akili ikiwa kwa deni.