Kilele Chembamba Kwenye Chati ya Protini

Ukipewa chati ya elektroforesi ya seramu, anza na albumini. Ni kile kilele kirefu cha kwanza kushoto, na kitako chake ni chembamba kwa sababu ni protini ya aina moja tu. Kulia kwake hufuata alfa 1, alfa 2, beta, kisha gama, makazi ya kingamwili nyingi. Ukikuta kwenye gama au beta kilele kingine chenye kitako chembamba namna hiyo, shuku kwamba ukoo mmoja wa seli za plazma unatoa kingamwili ile ile bila kukoma.

Kinachowababaisha wengi ni gama iliyopanda kwa sababu ya VVU, kifua kikuu au ugonjwa sugu wa ini. Hapo seli za koo nyingi zinatoa kingamwili tofauti, kwa hiyo gama hutuna kama kilima, na miteremko yake ni ya taratibu. Urefu usikutishe; tazama upana wa kitako.

Chukua mfano wa mgonjwa wa miaka 61 anayeumwa mgongo na ana upungufu wa damu. Protini yake yote ni gramu 102 kwa lita, na kilele chembamba cha gama kimebeba asilimia 38. Zidisha 102 kwa 0.38, upate takriban gramu 39 kwa lita. Kando ya kilele, gama iliyobaki ni asilimia 3 tu, yaani gramu 3 hivi: kingamwili za kawaida zimedidimia. Hilo, kwangu, linaongeza shaka kuliko urefu wenyewe.

Kabla ya kuandika ripoti, uliza sampuli ilichukuliwa kwenye chupa gani. Ikiwa ni plazma badala ya seramu, faibrinojeni itachomoza kati ya beta na gama na kujifanya kilele halisi. Damu iliyopasuka chembe nayo huchafua alfa 2 na beta. Rudia kwa seramu safi, kisha thibitisha kwa imunofiksesheni, ambayo itaonyesha kama ni IgG, IgA au nyingine, kapa au lamda.

Hata kikithibitika, kilele peke yake si mayeloma. Wazee wengi wanacho bila ugonjwa wowote, hasa kikiwa chini ya gramu 30 kwa lita, ila nao hufuatiliwa. Mgonjwa wetu anahitaji kupimwa kalsiamu, kreatinini, picha za mifupa na uboho.

Chati isiyo na kilele nayo isikulaze. Baadhi ya mayeloma hutoa minyororo myepesi pekee, ambayo figo huichuja hadi kwenye mkojo. Kwenye seramu utaona gama bapa tu. Ukiona hivyo kwa mtu mwenye maumivu ya mifupa na kreatinini iliyopanda, omba kipimo cha minyororo myepesi huru kwenye seramu, pamoja na elektroforesi ya mkojo.