Seli Zisizo za Kawaida Katika Majibu ya Kipimo cha Pap: Namna ya Kumweleza Mama Aliyeshikwa na Hofu ya Saratani

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 38, mkulima wa mpunga na mkazi wa Didia, barabara iendayo Tinde kutoka Shinyanga mjini. Amezaa watoto watano. Mfano huu umetungwa kutokana na mambo yanayojirudia kliniki, wala si habari za mtu mmoja. Mama huyu alifanyiwa kipimo cha Pap katika hospitali ya rufaa, na majuma kadhaa baadaye akapewa karatasi iliyokunjwa mara nne, iliyoandikwa kwa Kiingereza. Aliyempa alimwambia neno moja tu: "Mama, zimeonekana seli mbaya, nenda kituoni kwako wakakueleze." Anapofika kituoni hajalala siku tatu. Jirani yake alifariki kwa saratani ya shingo ya kizazi, naye amekwisha kumwagiza dada yake wa Geita aje kuwachukua wadogo.

Swali lake la kwanza kwa muuguzi si la kitaalamu. Anauliza, "Mwanangu, nimebakiwa na muda gani?"

Hapo ndipo somo letu linapoanzia, kwa kuwa karatasi ile haikusema seli mbaya. Ilisema kitu kingine, na tofauti baina ya maneno hayo mawili ndiyo iliyomnyima mama huyu usingizi.

Muuguzi na aikunjue karatasi mezani, waisome pamoja mstari kwa mstari. Mstari wa kwanza unahusu sampuli: kama inatosha kusomwa au haitoshi. Kwa mama huyu inatosha, na mbele yake imeandikwa kwamba seli za eneo la mabadiliko zimeonekana. Hapa mfasiri asiye mwangalifu humtia mama hofu bure, maana neno "mabadiliko" hudhaniwa kuwa ni ugonjwa. Eneo la mabadiliko ni jina la mahali mwilini: ule mduara wa mlango wa kizazi ambapo ngozi laini ya ndani hukutana na ngozi ngumu zaidi ya nje. Kila mwanamke analo. Saratani nyingi za mlango wa kizazi huanzia hapo, kwa hiyo kuonekana kwa seli za eneo hilo maana yake ni kwamba aliyechukua sampuli alifika panapostahili. Ni habari njema kuhusu kazi ya mikono yake.

Mstari unaofuata ndio wenye matokeo. Umeandikwa kifupisho ASC-US. Kwa Kiswahili kilichonyooka: seli bapa zisizo za kawaida, ambazo maana yake haijabainika. Sehemu ya pili ya sentensi hiyo ndiyo iliyodondoka njiani. Mama aliambiwa "zisizo za kawaida", nazo zikageuka "mbaya". Lile neno "haijabainika" hakuna aliyemfikishia.

Msomaji wa slaidi aliona nini hasa? Chini ya hadubini, kila seli ya juu ya mlango wa kizazi huonekana kama chapati nyembamba yenye nukta katikati. Nukta hiyo ni kiini. Katika seli tulivu kiini ni kidogo, cha mviringo, na kingo zake ni laini. Seli zinazoitwa ASC-US zina kiini kilichotanuka, eneo lake likiwa takriban mara mbili na nusu hadi tatu ya kiini cha seli ya kawaida ya tabaka la kati, huku kingo zikiwa zimepinda kidogo au rangi ikiwa imekolea kidogo. Hazijafikia kiwango cha kumfanya msomaji aseme kwamba haya ni madhara ya kirusi cha HPV, wala hazijatulia kiasi cha kumfanya aseme ni salama. Basi ameandika shaka yake kwa uaminifu. Angekuwa ameona saratani, mfumo wa Bethesda, uliowekwa mwaka 1988 na kurekebishwa mara kadhaa tangu hapo, unampa neno jingine la kuandika, na angeliandika.

Muuguzi anaweza kusema hivi: "Mayu, fundi aliyetazama seli zako ni kama mtu aliyeona nyayo shambani asubuhi. Hajui kama ni za mbuzi wa jirani au za fisi. Hajaona fisi. Anatuomba tuangalie tena."

Kisha mama ataulizwa mambo ambayo karatasi haiyajui, maana kiini hutanuka kwa sababu nyingi. Uambukizo wa trikomonasi au uvimbe mwingine wa uke hufanya hivyo. Kukoma hedhi hukausha seli na kuzifanya zitatanishe. Hata kasoro ya maandalizi inatosha: slaidi iliyopakwa ikaachwa ikauke hewani kabla ya kutumbukizwa katika alkoholi ya asilimia 95, huonyesha viini vilivyovimba na kufifia, hata kama mwenye seli hizo ana afya kamili. Katika joto la Shinyanga, sekunde chache za kutafuta kifuniko cha chupa zinaweza kuharibu slaidi. Wahudumu wenzangu watanisamehe kulitaja hili mbele ya wagonjwa, lakini chupa na ifunguliwe kabla ya spekulamu kuingizwa.

Ipo sababu nyingine ambayo ukanda huu haupaswi kuisahau: kichocho. Mama wetu akiulizwa vizuri, anakumbuka kwamba alipokuwa binti alikojoa damu, na kwamba tangu hapo ameingia katika maji ya majaruba kila msimu. Kichocho cha mkojo hakikai kibofuni tu. Mayai yake hunasa pia katika mlango wa kizazi na kuta za uke, yakaleta uvimbe wa kudumu, kutokwa na damu baada ya tendo la ndoa, na mabaka ya manjano yanayoonekana kama punje za mchanga. Uvimbe huo unaweza kuzifanya seli zionekane za kutilia shaka. Mara chache msomaji huyaona mayai yenyewe katika slaidi ya Pap; lakini yasipoonekana, hilo halithibitishi kwamba hayapo.

Muuguzi anapomtazama kwa spekulamu anayaona mabaka hayo upande mmoja wa mlango wa kizazi. Hakuna kidonda, hakuna kinyama kilichochomoza, hakuna damu inayotoka kikiguswa. Mama ana kilo 60, na dozi ya prazikwanteli ni miligramu 40 kwa kila kilo, yaani miligramu 2,400: vidonge vinne vya miligramu 600, anavyovimeza baada ya kula. Aambiwe wazi kwamba dawa inaua minyoo iliyo hai, ila mabaka yanaweza kubaki muda mrefu, na yakibaki yasimtishe.

Hapa pana kosa ambalo ni rahisi kulifanya. Baada ya kuona kichocho, muuguzi anaweza kujiambia kwamba chanzo kimepatikana na faili likafungwa. Lisifungwe. Mtu anaweza kuwa na kichocho na HPV kwa pamoja, na swali la karatasi bado halijajibiwa. Linajibiwa kwa kipimo cha HPV, ambacho mama anaweza kujichukulia sampuli yake mwenyewe kwa kijiti laini, au, kama kipimo hicho hakipatikani, kwa kurudia Pap baada ya mwaka mmoja. Katika utafiti mkubwa wa Marekani ujulikanao kama ALTS, karibu nusu ya wanawake wenye ASC-US hawakukutwa kabisa na aina za HPV zenye hatari. Hata kwa waliokutwa nazo, maambukizo mengi huondolewa na mwili wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Yakidumu, safari ya kutoka kwenye kirusi hadi saratani kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20. Kwa mwanamke mwenye VVU asiyetumia dawa, safari hiyo huweza kufupika hadi miaka 5 au 10, na ndiyo maana hali ya VVU huulizwa au hupimwa siku hiyo hiyo. Mama wetu hana VVU.

Anaposikia majibu ya HPV ni hasi, uso wake unabadilika tena. "Hasi ndiyo mbaya?" Swali hili husikika mara nyingi. Katika mazungumzo ya kawaida, jambo hasi ni jambo baya, na "chanya" kwa wengi ni majibu ya VVU. Afadhali muuguzi aache maneno yote mawili na aseme, "Kirusi hakikuonekana." Kwa majibu hayo mama atarudi kupimwa baada ya miaka mitatu. Kama kirusi kingeonekana, angepelekwa kwenye kolposkopi, yaani kutazamwa mlango wa kizazi kwa kioo cha kukuzia baada ya kupakwa asidi ya siki, na kipande kidogo cha nyama kingechukuliwa mahali penye weupe wa kutilia shaka. Kwa watu wa Kanda ya Ziwa, mkondo wa rufaa mara nyingi huishia Bugando, Mwanza.

Yapo majibu yanayofanana na haya kwa sura ambayo hayapaswi kusubiri. ASC-H hutofautiana mwishoni tu mwa kifupisho, lakini msomaji anasema: sina hakika, ila nahofia mabadiliko makubwa. Mwenye majibu hayo aende kolposkopi bila kungoja kipimo cha HPV. Hali kadhalika AGC, inayohusu seli za tezi za ndani, kwani tatizo linaweza kuwa juu zaidi, hata ndani ya mji wa mimba. HSIL nayo inamaanisha mabadiliko makubwa yatangulizayo saratani. Bado si saratani, lakini yasipotibiwa sehemu yake huwa.

Na pale biopsi inapofanyika, daraja lisichanganywe na hatua. CIN 1 si saratani hatua ya kwanza. Ni mabadiliko madogo ya ngozi ya juu, ambayo mengi hurudi yenyewe. Hatua huhesabiwa pale tu saratani inapokuwa imethibitishwa.

Kabla mama hajaondoka, muuguzi anamwambia jambo ambalo karatasi yoyote nzuri haiwezi kulifuta. Akitokwa na damu baada ya tendo la ndoa, au katikati ya hedhi, au uchafu wenye harufu kali usiokoma, arudi mara moja bila kungoja miaka mitatu. Mlango wa kizazi wenye kidonda kinachoonekana kwa macho unahitaji kuchukuliwa kipande cha nyama hata kama Pap ilisomwa kuwa safi, kwa sababu juu ya uvimbe uliooza, kijiti huweza kuokota damu na usaha bila seli zinazotafutwa.

Mama anaikunja karatasi yake, safari hii mara moja tu, na kuomba aandikiwe kwa Kiswahili nyuma yake. Muuguzi anaandika: "Seli zilitiliwa shaka. Saratani haikuonekana. HPV haikuonekana. Kichocho kimetibiwa. Rudi baada ya miaka mitatu, au siku yoyote ukiona damu isiyo ya kawaida." Anatia tarehe. Mama anauliza kama anaweza kuazima simu, ampigie dada yake wa Geita asije.