Ninga wa Tumbe: namna nilivyompata mhusika wa pakiti ya biskuti

Mchoraji aliyekodiwa mjini alituletea, mimi na mwokaji wa biskuti, popo mwenye miwani, na chini yake maneno "Utamu Usio Kifani". Hoja yake ilikuwa kwamba popo mkubwa wa Pemba hapatikani kwengine duniani. Ni kweli, lakini mwaka 1995 kisiwa hiki kilitikiswa na habari za Popobawa, watu wakalala nje kwa makundi kwa hofu. Bibi mmoja pale tanurini aliitazama picha akasema, "Mwanangu, wajukuu zangu hawatoila hii." Bado nina kinyongo na mchoraji yule: alilipwa kabla hajafika Tumbe.

Mimi nilimchagua ninga, njiwa wa kijani wa Pemba anayekula matunda. Hatua ya kwanza ni umbo: mchore mweusi mtupu, na kama mtoto hamtambui, anza upya. Ya pili ni rangi. Kwenye pakiti kila rangi ina bamba lake, na mabamba yakipishana kidogo, jicho dogo huhamia shavuni. Basi tumia rangi chache, mistari minene na jicho kubwa. Ya tatu ni kibwagizo, na hapo ndipo kazi ilipo.

"Utamu Usio Kifani" ni maneno ya tangazo la redioni. Sijasikia mtoto akiyasema. Watoto wetu wamezoea kuitikiwa: kitendawili, tega. Kwa hiyo kibwagizo nilikigawa pande mbili, mizani nne kwa nne, mmoja aulize na wengine wajibu:

"Zimekwisha?"
"Bado moja!"

Kisha nikakipeleka ufukweni. Mtoto mmoja alisimama mchangani, wenzake kwenye ngarawa iliyotia nanga, upepo wa kusi ukivuma. "Kula Ufurahi na Ninga", nililokuwa nalo akiba, lilifika limekatika: irabu nyembamba za i na u zilimezwa na upepo. "Bado moja" lilifika zima, kwa sababu limejaa a na o, na mkazo unaangukia ba na mo. Usiwasomee watoto kutoka karatasini. Cheza nao mara moja, ondoka, rudi kesho bila kuwakumbusha, usikilize.

Utangulizi wa nyuma ya pakiti niliuandika baada ya kibwagizo, ili hadithi ikihitaji:

"Huyu ni Ninga. Anakaa kwenye mwembe unaotazama soko la samaki la Tumbe. Hali peke yake. Rafiki zake wakikung'uta pakiti na kudhani hamna kitu, yeye huingiza mdomo konani, akatoa moja iliyojificha."

Niliporudi ufukweni, watoto walikuwa wanasaidia kushusha ndoo za dagaa. Mmoja akauliza kutoka juu, "Zimekwisha?" Waliokuwa majini wakaitikia kwa pamoja. Jioni ileile nikampigia mwokaji simu: mabamba yachongwe.